Keki imebonyea katikati: kabla ya kuongeza beking pauda angalia ubichi umekaa wapi

"Shikamoo dada. Nimeoka keki ya oda ya bethdei, imepanda vizuri kabisa, juu ikawa kahawia, nikaitoa baada ya dakika 40, haikupita dakika kumi ikabonyea katikati kama bakuli. Nilipoikata jioni ndani kuna kitu cha njano kinanata kama ugali mbichi. Resipi ni ya wifi yangu wa Dar: unga nusu kilo, siagi robo kilo, sukari gramu 350, mayai 6, maziwa kikombe kimoja, beking pauda kijiko kimoja cha chakula. Natumia oveni ya mkaa na chombo cha duara cha inchi 8. Niongeze beking pauda iwe vijiko viwili? Nimetuma picha ya keki nzima na ya kipande. Niko Buhongwa hapa Mwanza, Jumamosi natakiwa nitoe nyingine."

Marahaba mdogo wangu. Usiongeze, hata robo kijiko usiongeze. Keki yako haikukosa kitu cha kuiinua, ilipanda mpaka ikazidi chombo, hebu irudie ile picha ya keki nzima uangalie upande wa kushoto, kuna ukingo umetokeza nje umelalia mdomo wa chombo kama kofia ya uyoga. Keki iliyokosa beking pauda haifanyi hivyo. Shida ni kwamba wakati unaitoa kwenye moto pembeni palikuwa pameshaiva ila katikati bado uji, na uji hauwezi kubeba ganda la juu.

Sasa nikueleze nimejuaje, maana picha zako mbili zina majibu yote, na kesho ikitokea tena utazisoma mwenyewe.

Cha kwanza nilichoangalia ni lile bonde lenyewe, kabla hata sijafungua picha ya kipande. Ganda ndani ya bonde lako limekunjamana, lina mikunjo midogo midogo kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka yakapoa. Hiyo mikunjo inamaanisha ganda lilikuwa limeshakauka likiwa juu, limetanuka kufuata kilima cha keki, afu kilima kikaondoka chini yake likabaki kubwa kuliko sehemu ya kulalia, ndo likajikunja. Kwa hiyo keki ilianguka ikiwa imeshatoka, kama ulivyosema mwenyewe. Ingekuwa imeanguka ikiwa bado ndani ya oveni, labda kwa kufungua mlango mapema au kwa beking pauda kuzidi, bonde lingekuwa laini halina mikunjo, na mara nyingi ndani yake rangi ni ileile ya kote, kwa sababu ganda linakuwa limeiva likiwa tayari kwenye umbo la bonde. Hii tofauti watu wengi hawaiangalii kabisa, wanaona shimo wanasema keki imezama basi, wakati shimo la mikunjo na shimo laini ni magonjwa mawili.

Cha pili ni ubichi umekaa wapi. Kwenye kipande chako naona pembetatu imegeuzwa kichwa chini, upana wake uko juu chini ya lile bonde, ncha yake inashuka mpaka kama theluthi mbili ya kimo. Ndani ya hiyo pembetatu rangi ni ya njano iliyokolea, inang'aa, haina matundu, imeshikana kama mkate wa mofa uliolowa. Ukitoka hapo kwenda pembeni, ghafla keki inakuwa nzuri, nyeupe nyeupe, matundu madogo yanayolingana. Umbo hilo la pembetatu linatokana na njia ya joto. Joto linaingia keki kutokea kwenye bati la pembeni, kutokea chini na kutokea juu, kwa hiyo sehemu inayofikiwa mwisho ni moyo wa keki. Keki inasimama pale wanga wa unga unapovimba kwa maji na mayai yanapoganda, na kwenye keki yenye sukari hilo linataka joto kubwa kidogo, nyuzi 80 na kitu kwenda juu. Kabla moyo haujafika hapo, kilichoshikilia keki ni mvuke na hewa tu. Ukiitoa nje mvuke unapoa unarudi kuwa maji, hewa inasinyaa, kuta za vile vipovu ni laini bado, basi panashuka na kushikana, na ganda linafuata.

Na kuna ubichi mwingine usiuchanganye na huu. Ukiona mstari mzito wa maji umelala chini kabisa, juu kidogo ya ganda la chini, kuanzia ukuta mpaka ukuta kama utepe, huo mara nyingi ni kimiminika kimezidi au mchanganyiko ulikatika ukashuka, na hauponi kwa kuoka zaidi. Hiyo keki yenye maji mengi mara nyingine inapoa ikiwa kuta zake zimeingia ndani, waokaji wanaiita umbo la X. Kuta zako wewe zimenyooka, kwa hiyo kikombe chako cha maziwa hakina kosa.

Cha tatu ni matundu, na hapa ndo naijibu beking pauda moja kwa moja. Nikuambie habari ya binti mmoja wa Igoma, aliniletea keki imebonyea kama yako ukiitazama kwa juu, na yeye alikuwa ameongeza beking pauda mara mbili baada ya keki ya kwanza kuzama, akaona ya pili imezama zaidi ya ya kwanza, akakata tamaa. Tulipoikata hapakuwa na ubichi. Ilikuwa imeiva mpaka moyoni, kavu, inapukutika, ila matundu yake makubwa yasiyolingana, mengine yameungana yakawa mapango, na yamerefuka kwenda juu. Mabega mawili yamesimama na katikati pameingia, ukiangalia kipande kwa ubavu unaona herufi M. Hiyo ndo sura ya beking pauda kuzidi, au sukari kuzidi: gesi inatoka nyingi na haraka, vipovu vinakua kuliko kuta zake zinavyoweza kustahimili, vinapasuka kabla wanga haujasimama, keki inashuka ikiwa bado motoni. Na ukionja ulimi unakuwa kama umegusa sabuni. Kipande chako hakina hata dalili moja ya hizo, sehemu iliyoiva ina matundu ya saizi ya punje ya mtama yamepangana. Kijiko kimoja cha chakula ni sawa na vijiko vitatu vya chai, kwa nusu kilo ya unga uliopigiwa siagi na sukari vizuri hicho kinatosha, ukiweka viwili utapata keki ya yule binti.

Cha nne ni rangi. Juu umeunguza kidogo, usikasirike, hiyo siyo kahawia ya dhahabu ni kahawia ya kahawa, wakati chini ya kipande ganda ni jembamba na jeupe. Hapo nikajua mkaa wako wa juu ulikuwa mwingi kuliko wa chini, tena kuanzia mwanzo. Ganda la juu likiiva mapema linakudanganya mara mbili: kwanza linakupa rangi ya keki iliyoiva wakati ndani haijafika nusu ya safari, pili linakuwa mfuniko mgumu, unga wa katikati unaendelea kusukuma chini yake unatafuta pa kutokea, ndo maana una ile nyufa ya mviringo kuzunguka kilima. Rangi ya juu ni habari ya moto wa juu tu mdogo wangu, haisemi lolote la moyoni.

Sasa kwa nini kwa wifi yako inaiva na kwako haiivi kwa dakika zilezile? Mimi nahisi jibu liko kwenye chombo, muulize yeye anatumia inchi ngapi. Tupige hesabu. Unga 500, siagi 250, sukari 350, mayai 6 kama gramu 300, maziwa 250, jumla ni kilo moja na gramu 650 za uji. Uji huo una ujazo wa lita moja na robo tatu hivi au zaidi kidogo. Kwenye chombo cha duara cha inchi 8 unasimama karibu sentimita 6, na vyombo vingi vya kwetu kimo chake ni sentimita 7 na nusu, yaani ulikijaza zaidi ya robo tatu kabla haujapanda. Ndo ukamwagika pembeni. Uji huohuo kwenye chombo cha inchi 10 unakaa chini kidogo ya sentimita 4. Ukiugawa kwenye vyombo viwili vya inchi 8 kila kimoja kina sentimita 3. Na kina kikiongezeka mara mbili, muda nao unaongezeka sana, kwa sababu joto lina safari ndefu zaidi ndani ya kitu chenye vipovu, na vipovu vya hewa ni kama blanketi. Dakika 40 zinatosha kwa sentimita 3 au 4. Kwa sentimita 6 kwa moto wa wastani ungehitaji saa moja na dakika kumi, pengine na ishirini, na moto wa juu ungekuwa mdogo ili ganda listahimili kukaa muda wote huo.

Nilishawahi kupeleka keki ya kipaimara Sengerema, miaka ile nimeanza oda, chombo kirefu kama chako, juu imependeza, nimeweka na krimu, kufika upande wa pili wa maji katikati pameingia na krimu imepasuka. Kijiti changu kilitoka kikavu wakati wa kuoka. Nilikuwa nimechoma pembeni, kwa sababu katikati palikuwa pamependeza sikutaka patoboke. Tangu hapo nachoma moyo wenyewe, kijiti kirefu mpaka chini, nakishikilia sekunde mbili tatu halafu nakitoa taratibu, na sikifuti, nakipitisha kwenye vidole. Kikiwa na punje kavu mbili tatu siyo shida. Kikiteleza kama kina gundi, bado. Tena nachoma mara mbili sehemu tofauti za katikati, maana kijiti kinachopita kwenye ganda kavu kinajifuta kikiwa kinatoka.

Kwa Jumamosi fanya hivi. Gawa uji kwenye vyombo viwili vya inchi 8, kama unacho kimoja tu oka nusu na nusu nyingine ya unga, siagi na mayai upige baadaye, usiuache uji ukisubiri kwenye bakuli kwa sababu beking pauda inaanza kazi ikikutana na maji. Chombo kisizidi nusu au nusu na kidogo. Washa mkaa mapema, usubiri uwe umeshika wote na una majivu meupe juu, mkaa unaowaka miali bado moto wake unapanda na utakushinda. Halafu pima oveni kwa unga: chukua sahani ya bati, nyunyiza kijiko cha unga wa ngano uutandaze mwembamba, iweke ndani dakika 5. Unga ukitoka rangi ya dhahabu moto ni wa wastani, hapo ni kama nyuzi 180, keki yako inataka hapo au chini kidogo. Ukiwa kahawia iliyokolea moto ni mkali, ondoa makaa mawili matatu upime tena. Ukibaki mweupe, bado hujafika. Kipimo hiki ni cha zamani sana na kwa oveni ya mkaa mimi nakiamini, ingawa ukipata kipimajoto cha oveni kinunue, kinakaa miaka.

Moto wa juu uanze mdogo kabisa, makaa machache yametawanywa, usiyarundike katikati. Chini uwe wa kutosha ila chombo kisikae karibu na makaa, weka chini yake kitu cha kukiinua au bati la pili. Dakika 25 za kwanza usifungue mlango, najua unatamani kuona, usifungue, hapo keki imesimama kwa hewa tu na upepo wa ziwa ukiingia inashuka. Baada ya hapo ukiona juu bado peupe ongeza makaa ya juu kidogo, ukiona imeshaanza kukolea funika na foili bila kuibana. Dakika 35 anza kupima. Na usitegemee kijiti peke yake, sogeza sikio: keki mbichi inalia, unasikia sauti ndogo ya vipovu inachemka ndani, ikikaribia kuiva sauti inapungua sana. Bonyeza katikati kwa kidole, ikirudi juu imesimama, ikibaki na alama ya kidole rudisha dakika 5. Na pembeni itakuwa imeanza kujitenga na bati kama uzi mwembamba. Vikikubaliana vitatu itoe.

Kuhusu hii ya resipi ya Dar kuokwa Mwanza, kuna watu watakuambia ni sababu ya mwinuko. Kuna ukweli ndani yake lakini mimi nauweka mwisho. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya bahari na Buhongwa iko juu zaidi kidogo, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko Dar, gesi inatanuka zaidi na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Kwa resipi yenye beking pauda nyingi unapunguza kidogo, kila kijiko cha chai unatoa kama sehemu moja ya nane. Yako haikuwa nyingi tangu mwanzo, ndo maana nasema iache ilivyo. Pale mwinuko unapokusumbua kweli ni kama unapima ndani ya keki kwa kipimajoto cha nyama au cha maziwa. Maelekezo mengi yanakuambia usubiri nyuzi 98 au 99, kwa Mwanza ukisubiri hapo utapata kitu kikavu cha kuchovya chai, moyo ukifika 93 mpaka 95 itoe.

Picha ijayo ukitaka nikusomee, piga kipande kwa ubavu, kwenye mwanga wa dirishani na siyo wa balbu, maana balbu ya njano inafanya keki nzuri ionekane mbichi. Na ukate ikiwa imepoa kabisa, saa moja na nusu au mbili. Hii ni muhimu kuliko unavyofikiria, keki yoyote ukiikata ya moto kisu kinaikandamiza na inanata, nimeshaona watu wanarudisha resipi nzuri kwa sababu ya kukata mapema. Yako usingeniambia umeikata jioni ningekuwa na wasiwasi na ile pembetatu. Kitu kimoja picha hainipi ni mguso, hicho fanya wewe: chukua kidogo cha ile sehemu inayong'aa ukifinyange kwa vidole, kikiwa kidonge na kubaki kidonge hakikuiva, kikirudi na kupukutika kimeiva ila kina unyevu.

Hiyo iliyozama usiirudishe kwenye oveni, haitapanda tena, wanga wa pembeni ulishasimama na moyo utakauka kuwa mpira. Kata pembeni palipoiva, vipande vya kidole, uvikaushe moto mdogo viwe vya chai vya nyumbani. Ile pembetatu tupa, kuna yai halijaiva mle na imeshalala.

Na ukioka mara hii badilisha chombo na moto wa juu tu, unga na sukari na mengine yote yabaki kama alivyokupa wifi yako. Ikitokea ubichi umekwisha lakini bado panabonyea, na ukikata unaona matundu makubwa, hapo tena nitakuuliza kijiko chako cha chakula ni kipi, kile cha kulia wali au cha kupimia, na kama ulikisawazisha kwa kisu au kilikuwa na mlima, kwa sababu kijiko cha mlima kinaweza kubeba karibu viwili. Oka Alhamisi jioni ili Ijumaa uwe na siku nzima ya krimu, na kama ya kwanza ikikataa una muda wa ya pili.